Vigae vya sakafu: soma boksi kabla ya kupenda rangi

Kigae cha dukani husimamishwa chini ya taa na kufutwa kila asubuhi. Cha nyumbani kinalala chini, kinakanyagwa, kinamwagiwa maji na kusuguliwa na mchanga miaka nenda rudi. Ndiyo maana rangi nzuri haitoshi. Kuna mambo matatu yanayoamua kama sakafu itabaki kama ulivyoinunua: glezi, yaani tabaka jembamba la juu linalofanana na kioo, inahimili msuguano kiasi gani, mwili wa kigae unafyonza maji kiasi gani, na kama boksi la thelathini litafanana na boksi la kwanza. Mawili ya mwanzo unaweza kuyasoma kwenye boksi au kuyajaribu nyumbani. La tatu linahitaji macho na tepu, palepale dukani, kabla ya kulipa.

Nitatumia nyumba moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Iko Kigamboni, mtaa wa mchanga. Ina sebule ya mita 5 kwa 6, korido ya mita 1.2 kwa 5 inayotoka sebuleni, bafu moja, na baraza la mbele lenye paa ambalo mvua ya upepo hulifikia.

Hatua ya 1: Jua nani anakanyaga wapi, na amebeba nini chini ya kiatu

Mchanga wa pwani una kwarzi nyingi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwarzi ni 7, na glezi nyingi za vigae ziko kati ya 5 na 6. Kitu kigumu hukwaruza kilicho laini, na hapo ndipo ulipo ugomvi wote wa sakafu za kwetu. Adui wa sakafu ni punje ya mchanga iliyonaswa kati ya soli na kigae, inayozungushwa kila mtu anapogeuka. Uzito wa mtu peke yake si tatizo.

Kwa hiyo usichague kigae cha "nyumba". Chagua kwa sehemu. Katika nyumba yetu ya mfano, mita mbili za kwanza kutoka mlango wa mbele ndizo zinazoteseka zaidi, zikifuatiwa na korido kwa sababu watu wote hupita mstari uleule. Chumba cha kulala ambako watu huingia pekupeku hakina shida kubwa. Bafu halina mchanga mwingi lakini lina maji. Baraza lina vyote viwili. Andika hivyo kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, maana ukishafika kule muuzaji atakuuliza rangi tu.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya PEI, na ujue inapima nini hasa

Kwa kigae chenye glezi, tafuta herufi PEI na namba kati ya 0 na 5 kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Kipimo chenyewe kimeelezwa katika kiwango cha ISO 10545-7. Juu ya kigae huwekwa mipira ya chuma, unga mgumu wa kukwangulia na maji, kisha mashine inazungusha. Baada ya idadi fulani ya mizunguko kigae kinaoshwa, na watu wanakitazama kutoka umbali wa mita 2 kulinganisha na ambacho hakijasuguliwa. Tofauti ikionekana kabla ya mizunguko 2,100, kigae hakifikii daraja la 4. Daraja la 5 linataka kipite mizunguko 12,000 bila tofauti kuonekana, na bado kifaulu jaribio la madoa baada ya kusuguliwa.

Angalia vizuri: kipimo hiki kinahusu kinachoonekana kwa macho. Hakipimi glezi imelika unene gani. Ndiyo sababu kigae cheusi kinachong'aa mara nyingi hupata daraja la chini, na kigae cha rangi ya mchanga kisichong'aa kikapata la juu, hata kama glezi zake hazitofautiani sana. Mkwaruzo mweupe juu ya cheusi huonekana hata ukiwa mlangoni. Mtu anayetaka sebule nyeusi ya kung'aa kwenye mtaa wa mchanga anatakiwa ajue hilo kabla hajalipa, maana hakuna dawa ya kurudisha mng'ao wa glezi iliyokwisha kusagika.

Kwa nyumba iliyo kwenye lami au kwenye bustani ya nyasi, PEI 3 inatosha sebuleni. Kwa nyumba yetu ya Kigamboni ningepanda ngazi moja: PEI 4 kwa sebule, korido na baraza, PEI 3 kwa bafu na vyumba vya kulala. PEI 5 ni ya maduka, zahanati na sehemu za umma. Ukiipata kwa bei ileile chukua, lakini usijinyime gundi nzuri ili uilipie.

Kuna vigae ambavyo hutakuta PEI kabisa, na si lazima muuzaji awe anakuficha kitu. Poseleni isiyo na glezi, ambayo rangi yake imeingia mwilini, hupimwa kwa njia nyingine: gurudumu linachimba kigae na kinachopimwa ni ujazo wa shimo lililobaki. Kwa poseleni hiyo ujazo usizidi milimita za ujazo 175, na namba ikiwa ndogo zaidi ndivyo kigae kilivyo kigumu. Faida yake ni kwamba kikilika, chini kuna rangi ileile. Ili kujua unachokiangalia, omba kipande kilichovunjika ukitazame ubavuni. Ukiona mstari mwembamba juu na mwili wa rangi nyingine chini, hiyo ni glezi, na PEI inahusika.

Kama hakuna namba yoyote na muuzaji hajui, nunua au omba kigae kimoja ukijaribu mwenyewe. Mwaga kijiko cha mchanga wa uani kwako juu ya nusu ya kigae, chukua kipande cha ubao kilichofungwa soli ya kandambili, kaza mkono na usugue kwa kuzungusha kama dakika tano. Osha, kausha, kisha kishike karibu na dirisha ili mwanga upite juu yake kwa mshazari. Ukungu au mikwaruzo itajitokeza upande uliosuguliwa. Halafu paka masizi ya sufuria pande zote mbili, acha kidogo, futa kwa kitambaa chenye sabuni. Upande uliosuguliwa ukibaki na kivuli cheusi ambacho upande mzima hauna, glezi imefunguka na itakuwa inashika uchafu maisha yake yote. Jaribio hili halikupi daraja la PEI, lakini linatenganisha vizuri vigae viwili unavyovishindanisha, mradi uvisugue sawasawa.

Neno moja kuhusu utelezi, maana watu huuchanganya na haya. PEI haisemi kama kigae kinateleza, na ufyonzaji wa maji pia hausemi. Hilo lina alama yake, herufi R na namba kuanzia 9 hadi 13. Bafuni tafuta R10 au zaidi, na kwa baraza linalopigwa na mvua ningetaka R11.

Hatua ya 3: Pima maji

Ufyonzaji wa maji huandikwa kwa asilimia ya uzito. Kiwango cha ISO 13006 kinavigawa vigae vilivyobanwa kwa mashine kwa herufi ambazo utazikuta ubavuni mwa boksi. BIa ni hadi asilimia 0.5, na hii ndiyo poseleni. BIb inafika 3, BIIa inafika 6, BIIb inafika 10, na BIII ni zaidi ya 10. Hiyo ya mwisho ni ya ukutani. Ukiikuta inauzwa kama ya sakafu kwa sababu ni nzuri na ni rahisi, iache. Mwili wake una matundu mengi, kwa hiyo hata nguvu yake ya kubeba mzigo ni ndogo.

Ulaya husisitiza poseleni nje ya nyumba kwa sababu ya baridi: maji yakiingia ndani ya kigae na kuganda, yanakipasua. Pwani yetu haina barafu, lakini maji yana kazi nyingine. Kigae chenye matundu hunywa unyevu na kuvimba kidogo kidogo kwa miaka. Kama kimebanwa bila nafasi ukutani, siku moja safu nzima hunyanyuka na kusimama kama paa, na fundi hulaumiwa. Tena maji yanayopanda kutoka chini hubeba chumvi, na chumvi hiyo huacha doa jeupe kwenye maungio na pembeni mwa kigae. Kwa bafu na baraza la Kigamboni nisingevuka asilimia 3, na kama mfuko unaruhusu ningeenda BIa. Sebule ya ndani yenye sakafu kavu inaweza kuishi vizuri na BIIa.

Usiamini rangi ya mgongo. Watu husema mgongo mwekundu ni kigae duni na mweupe ni poseleni. Rangi ni ya udongo uliotumika, na kuna vya ukutani vyenye mgongo mweupe safi vinavyokunywa maji kama sifongo. Pima hivi: chukua kipande kilichovunjika cha nusu kilo hivi, kiache juani siku nzima au kwenye oveni hadi kikauke kabisa, kipime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kichemshe kwenye sufuria saa mbili kikiwa kimezama, kisha kiache humohumo kipoe saa nne. Kitoe, kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kipime tena.

Tuseme kipande cha kwanza kilikuwa gramu 620 na sasa ni 622. Ongezeko ni gramu 2, ukigawa kwa 620 unapata asilimia 0.3. Hicho ni poseleni. Cha pili kilikuwa gramu 540 na sasa ni 581. Ongezeko la gramu 41 ni asilimia 7.6, yaani BIIb, hata kama boksi linasema vingine. Mizani ya jikoni haitakutofautishia 0.4 na 0.6, lakini 0.3 na 7.6 haiwezi kuzichanganya. Ukiwa dukani bila sufuria, weka tone la maji mgongoni mwa kigae kikavu. Likikaa juu kama lilivyo kwa dakika kadhaa, kigae kimefunga. Likizama papo hapo na kuacha doa jeusi, umeshapata jibu.

Poseleni ina sharti lake, na hapa fedha nyingi hupotea. Kwa kuwa hainywi maji, sementi na mchanga wa kawaida havipati pa kushika. Fundi aliyezoea kuloweka vigae kwenye ndoo na kuvibandika kwa sementi atafanya hivyohivyo, na mwaka haupiti kabla vigae havijaanza kutoa sauti ya utupu ukivigonga. Poseleni hailowekwi. Hufutwa vumbi na ule unga mweupe wa tanuru ulio mgongoni, kisha hubandikwa kwa gundi ya vigae yenye polima, ile iliyoandikwa C2 kwenye mfuko, kwa mwiko wenye meno. Bei ya gundi hiyo iingize kwenye hesabu unapolinganisha poseleni na kigae cha kawaida.

Hatua ya 4: Shedi, kaliba na bechi

Kigae ni udongo uliochomwa, na udongo hupungua ukichomwa. Joto la tanuru likipanda kidogo kigae kinatoka kidogo zaidi, likishuka kinatoka kikubwa, na rangi nayo inayumba. Mchanganyiko wa udongo ukibadilika, vivyo hivyo. Hakuna kiwanda kinachokwepa hili, kiwe Chalinze, Mkuranga, Athi River au Morbi kule Gujarat. Viwanda hutofautiana katika kinachofuata: vinapima kila kigae kinachotoka, vinavitenga vinavyofanana, na kuandika kwenye boksi kwa uaminifu, au vinafunga tu.

Kwenye boksi lililofanyiwa kazi utakuta mambo matatu mbali na jina la muundo. Shedi ni kundi la rangi. Kaliba ni kundi la ukubwa halisi, kwa sababu kigae kinachoitwa sentimita 60 kinaweza kuwa milimita 598 au 600. Bechi ni mchomo au tarehe kilipotoka. Vigae vya sakafu moja lazima vilingane shedi na kaliba. Muundo kuwa uleule na jina kuwa lilelile hakusaidii.

Shedi ikitofautiana utaiona mchana, mwanga wa dirisha unapolala juu ya sakafu: kipande cha chumba kina weupe wa maziwa na kingine kina umanjano. Kaliba ikitofautiana huwezi kuiona kwa kigae kimoja, ila safu itakuumbua. Chukua tofauti ya milimita 2. Kwenye safu ya vigae kumi, upande mmoja wa chumba unafika mapema kuliko mwingine kwa milimita 20. Fundi atajaribu kuficha kwa kupanua jointi hapa na kubana pale, na mistari itapinda. Hakuna fundi anayeweza kunyoosha mistari ya vigae visivyolingana.

Jinsi ya kulipima jina la kiwanda kabla ya kuliamini ni hii. Mwombe muuzaji akutolee maboksi matatu ya muundo unaoutaka, na ikiwezekana moja liwe la mzigo wa zamani na moja la mzigo mpya. Ukisema, "Kaka, naomba nione bechi mbili tofauti kabla sijachukua zote," muuzaji mzoefu anaelewa mara moja. Toa vigae viwili kila boksi. Vipange sakafuni nje ya duka, kivulini, mbali na taa, kisha rudi nyuma hatua kadhaa uvitazame ukiwa umesimama. Halafu viinue viwili viwili, uviegemeze mgongo kwa mgongo kwa ubavu wa chini juu ya sakafu bapa, na upitishe kidole kwenye ukingo wa juu. Kidole kinahisi milimita moja bila taabu. Pima pia kona kwa kona kwa tepu: mishazari miwili ya kigae kimoja ikitofautiana, kigae si mraba.

Mwisho, vigeuze viwili vitazamane uso kwa uso na ubonyeze pembe. Vikicheza, vimepinda. Mpindo mdogo unakubalika kwenye viwango, na katika kigae cha mraba haukusumbui sana. Lakini katika vile virefu vinavyofanana na mbao, vya sentimita 20 kwa 120, ukivipanga nusu kwa nusu kama matofali, katikati ya kimoja iliyoinuka inakutana na ncha ya kingine iliyo chini, na kidole cha mguu kinajikwaa. Hivyo vipangwe kwa kupishana theluthi.

Sasa soma ulichokiona. Kama ndani ya boksi moja tayari vigae vinatofautiana kwa milimita au kwa rangi, kiwanda hakitengi, na hakuna namba ya boksi itakayokuokoa. Achana nacho. Kama ndani ya boksi vinafanana lakini bechi mbili zinatofautiana, na boksi linasema hivyo kwa namba tofauti, hicho ni kiwanda cha kawaida kinachosema ukweli. Nunua, mradi zote ziwe namba moja. Kama hata bechi mbili zimeshabihiana, umepata jina la kukumbuka, ingawa hata hapo ningenunua namba moja. Mimi humpa alama nyingi zaidi anayeandika tofauti zake kuliko anayedai hana.

Usichanganye hili na vigae vilivyotengenezwa vitofautiane makusudi, vya mfano wa jiwe au mbao. Hivyo huwa na alama V1 hadi V4. V1 vyote ni sawa, V4 kila kimoja na sura yake. Ukikuta V3 au V4, tofauti ya mchoro si kasoro, ila ukubwa bado lazima ulingane.

Na gredi ya kwanza? Kwa kiwango cha kimataifa inamaanisha angalau asilimia 95 ya vigae havina kasoro inayoonekana. Kwa hiyo katika vigae mia, vitano vyenye nukta au ukingo ulioguguniwa bado vinaruhusiwa. Hivyo fundi avitumie vya kukata pembeni.

Hatua ya 5: Nunua mara moja, pokea kwa kuhesabu namba

Sebule yetu ni mita za mraba 30 na korido 6, jumla 36. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 39.6. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo unahitaji maboksi 27.5, yaani 28. Ongeza mawili ya akiba, yawe 30. Kama duka lina 22 tu za shedi moja na linakuahidi nane zilizobaki wiki ijayo, usilipie hata moja mpaka uzione hizo nane. Ukifikiria kuchukua hizo 22 kwa sebule peke yake, mita 30 na ziada yake zinahitaji 23, na hapo unaona limepungua boksi moja. Afadhali utafute muundo mwingine wenye mzigo kamili. Korido inaweza kuwa ya bechi nyingine kama mlangoni unaweka kizingiti kinachotenganisha sakafu mbili, lakini sebule haigawanyiki.

Gari likifika, simama pale vinaposhushwa na usome kila boksi. Wapakiaji huchukua la karibu, na stoo ikiwa na shedi mbili zimepangwa jirani, maboksi mawili matatu ya upande wa pili huingia bila mtu kukusudia. Lisilolingana lirudi na gari hilohilo. Kwenye risiti, mwambie muuzaji aandike shedi na kaliba pamoja na jina la muundo, ili ukirudisha boksi kusiwe na mabishano.

Fundi akianza, afungue maboksi manne au matano kwa wakati mmoja na achukue kigae kimoja kimoja kutoka kila boksi. Tofauti ndogo iliyobaki itatawanyika chumba kizima badala ya kukaa kama kiraka. Kabla hajapaka gundi, apange mistari miwili mikavu inayokatana katikati ya chumba, kutoka ukuta hadi ukuta, na spesa zake. Kaliba iliyochanganyika itaonekana hapo, wakati kigae bado kinarudishika dukani. Na akifika ukutani aache nafasi ya milimita 5 au zaidi, ambayo skatingi itaifunika.

Yale maboksi mawili ya akiba yaweke stoo na karatasi zake za ubavuni zikiwa hazijachanwa. Bomba likipasuka chini ya sakafu baada ya miaka sita, muundo huo pengine utakuwa umeshaacha kutengenezwa, na vigae hivyo vinane ndivyo pekee vitakavyolingana na sakafu yako.